IFRS kamili au IFRS ya SME: kampuni moja ya unga, mizania mbili

Mwenye kampuni ya kusaga unga pale Morogoro alinipigia simu na swali ambalo nimelisikia mara nyingi: "Mhasibu wangu anasema tuhamie viwango vya wadogo, mkaguzi anasema tubaki kwenye vile vikubwa. Nani ananidanganya?" Hakuna anayedanganya. Viwango vyote viwili vya uhasibu ni halali na vimetolewa na bodi ileile ya kimataifa yenye makao yake London. Tanzania ilianza kutumia vile kamili mwaka 2004 na Kenya ilitangulia mwaka 1999. Vile vya wadogo vilitoka Julai 2009, na nchi zote mbili zinaruhusu vitumike. Kazi iliyobaki ni kujua kila kimoja kinafanya nini kwa namba zako, na nani anazisoma.

Nitaviita kwa majina tunayotumia ofisini: IFRS kamili, yaani viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu, na IFRS ya SME, yaani vile vya kampuni ndogo na za kati. Kampuni ya mfano ni ya unga kama ile ya rafiki yangu, lakini namba nimezitunga mimi ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Mdogo ni nani hasa

Hapa ndipo wengi hujikwaa kabla hata ya kuanza. Jina lenyewe linasema "wadogo na wa kati", basi mtu anatafuta kikomo cha mauzo au idadi ya wafanyakazi. Ndani ya kiwango hicho hakuna kikomo cha namna hiyo. Kinachoulizwa ni kama kampuni inawajibika kwa umma, na kwa maana ya kiwango hiki kuna njia mbili tu za kuwajibika hivyo. Ya kwanza ni kuwa na hisa au hati fungani zinazouzwa sokoni, mathalani Soko la Hisa la Dar es Salaam au lile la Nairobi, au kuwa katika mchakato wa kuziingiza huko. Ya pili ni kushika mali za watu wengi wa nje kwa dhamana, na hiyo iwe mojawapo ya kazi zako kuu. Benki, kampuni ya bima na mfuko wa uwekezaji wa pamoja zimo humo.

Kwa hiyo kiwanda chenye wafanyakazi mia nne kinachomilikiwa na ndugu watatu kinaweza kutumia IFRS ya SME bila shida, wakati chama kidogo cha akiba na mikopo kinachopokea amana za wanachama kama kazi yake kuu kitakwama. Watu wa SACCOS hushangaa sana wakiambiwa hivyo, kwa sababu wao wanajiona wadogo kweli, na kwa fedha ni wadogo. Lakini amana si zao.

Shule inayopokea ada ya muhula mapema, wakala wa safari anayeshika nauli za wateja, au muuzaji anayepokea malipo kabla ya kupeleka mzigo, hao nao wanashika fedha za watu. Ila wanazishika kwa sababu ya biashara nyingine, hivyo hawahesabiwi kuwa wanawajibika kwa umma. Na ikitokea sheria ya nchi imemruhusu anayeshika amana za watu atumie IFRS ya SME, kiwango chenyewe kinamkatalia kuandika kwamba hesabu zake zimekifuata.

Kampuni ya unga haina hisa sokoni wala haishiki amana ya mtu, kwa hiyo mlango uko wazi.

Kwa nini wakaruhusiwa

Viwango kamili viliandikwa kwa ajili ya mwekezaji ambaye hamjui mkurugenzi na anataka kukadiria bei ya hisa. Anahitaji makadirio ya miaka mingi mbele, thamani za soko, faida kwa kila hisa, na faida ya kila tawi la biashara. Wanaosoma hesabu za kampuni ya unga ni wengine kabisa: ofisa mikopo wa benki, msambazaji wa mahindi anayetaka kujua kama atalipwa, mwenye kampuni na ndugu zake. Wao wanauliza kama fedha ipo, kama deni litalipika, na kama mwaka ujao kampuni itakuwepo. Kuwapa kurasa za makadirio wasizozihitaji, kwa gharama ya mkaguzi na ya mthamini, ni kumlipisha mwenye duka mwanga wa uwanja wa mpira. Toleo la kwanza la IFRS ya SME lilikuwa na sehemu 35 katika kurasa zisizofika 250, wakati vile kamili ni maelfu ya kurasa.

Ila usichukulie kwamba kilichofupishwa ni maneno peke yake. Katika sehemu kadhaa hesabu yenyewe ni tofauti, na inaweza kuipeleka faida juu au chini. Nitachukua sehemu tatu ambazo kampuni ya unga inazo.

Ghala la kupanga

Kampuni imepanga ghala kwa mkataba wa miaka mitano, pango Sh milioni 24 kwa mwaka, linalolipwa kila tarehe 1 Januari kama ilivyo desturi yetu ya kulipa mbele.

Kwa IFRS ya SME swali ni moja: je, mkataba huu unahamisha hatari na faida za umiliki? Ghala linarudi kwa mwenyewe baada ya miaka mitano, basi hauhamishi. Ni pango la kawaida. Unaandika matumizi ya Sh milioni 24 kila mwaka, na kwenye mizania hakuna deni la ghala. Unachodaiwa kufanya zaidi ni kutaja kwenye maelezo kiasi cha pango kilichobaki katika mkataba.

IFRS kamili, tangu IFRS 16 ilipoanza kazi mwaka 2019, haiulizi swali hilo kwa mpangaji. Inasema umenunua haki ya kulitumia ghala kwa miaka mitano na unadaiwa bei yake. Malipo manne yaliyobaki baada ya lile la siku ya kwanza unayageuza kuwa thamani ya leo. Tuseme kampuni ingekopa kwa asilimia 16. Malipo hayo yanakuwa Sh milioni 67.2. Ukiongeza 24 ulizokwisha kutoa, haki ya matumizi inaingia kama mali ya Sh milioni 91.2.

Mwaka wa kwanza unaandika uchakavu wa haki hiyo, 91.2 kugawa kwa 5, yaani milioni 18.2, na riba ya asilimia 16 juu ya 67.2, yaani milioni 10.7. Jumla ni karibu milioni 29, badala ya 24. Siku ya mwisho ya mwaka deni la ghala limefika milioni 77.9, kwa sababu riba imeongezeka na malipo yanayofuata ni kesho yake. Mwaka wa tano hakuna riba tena, na gharama inabaki 18.2. Ukijumlisha miaka yote mitano, pande zote mbili zinatoa milioni 120 zilezile. Kinachotofautiana ni mwaka gani gharama inaonekana, na kama deni linaonekana.

Ukiwa na mikataba ya miezi kumi na miwili au pungufu tofauti hii hupotea, kwa kuwa IFRS kamili nayo inakuruhusu kuandika pango hilo kama matumizi. Ndiyo maana utasikia mtu akisema "sisi mkataba wetu ni wa mwaka mmoja mmoja, hautuhusu." Polepole. Kama umefunga mashine ndani ya ghala hilo na kuhama kungekugharimu fedha nyingi, na una haki ya kuuhuisha mkataba, mkaguzi atauliza kama kweli ni wa mwaka mmoja.

Na kama unalipa malori kwa awamu na yatakuwa yako mwishoni, hapo hakuna pa kukimbilia. Viwango vyote viwili vitaliweka lori na deni lake kwenye mizania.

Riba wakati wa ujenzi

Tarehe 1 Januari kampuni ilichukua mkopo wa Sh milioni 200 kwa riba ya asilimia 18, ikamlipa mkandarasi zote wiki hiyohiyo, na kinu kipya kikakamilika siku ya mwisho ya Desemba. Riba ya mwaka ni milioni 36.

IFRS kamili inadai kwamba riba ya kujenga mali inayochukua muda mrefu kukamilika iingie kwenye gharama ya mali hiyo. Kinu kinaandikwa milioni 236, na faida ya mwaka haiguswi na riba hata senti. IFRS ya SME inasema riba zote ni matumizi ya mwaka. Kinu ni milioni 200, na milioni 36 zinakatwa kwenye faida mara moja. Kama kinu kitatumika miaka 20, upande wa kamili utakuwa na uchakavu wa milioni 11.8 kila mwaka, na upande wa SME milioni 10. Maumivu ni yaleyale. Mmoja anayameza leo, mwingine anayagawa kwa miaka ishirini.

Binafsi, kwa kampuni ndogo, napenda njia ya SME hapa. Kugawa riba kati ya mali na matumizi kunataka kumbukumbu za tarehe gani fedha ilitoka, lini kazi ilisimama, na lini kinu kilikuwa tayari, na kampuni nyingi ninazozijua hazina daftari hilo.

Wadaiwa

Kampuni inadai wateja wake Sh milioni 90. Mmoja wao, mwenye duka aliyeunguliwa na soko, anadaiwa milioni 6 na kila mtu anajua hatalipa.

IFRS ya SME inataka ushahidi kwamba hasara imekwisha kutokea. Duka lililoungua ni ushahidi, kwa hiyo unaandika milioni 6. Wateja wengine, hata wanaochelewa kidogo, unawaacha mpaka dalili ionekane.

IFRS kamili, kupitia IFRS 9, haisubiri moto. Inakutaka ukadirie hasara inayotarajiwa kwa kila mteja tangu siku unapompa mkopo wa mzigo. Njia rahisi inayoruhusiwa ni kuwapanga wadaiwa kwa umri na kuwapa asilimia kutokana na historia yako. Tuseme milioni 60 hazijafika siku 30, unakadiria asilimia 1. Milioni 20 zina siku 31 hadi 90, asilimia 5. Na zilizozidi siku 90 ni milioni 10, zikiwemo 6 za aliyeunguliwa ambazo zinaandikwa zote, na 4 nyingine kwa asilimia 30. Inatoka milioni 0.6, 1.0, 6.0 na 1.2, jumla milioni 8.8.

Asilimia hizo ndizo mzigo. Lazima zitoke kwenye rekodi zako za miaka iliyopita, kisha uzirekebishe kwa hali inayokuja, kama bei ya mahindi ikitarajiwa kupanda na kuwabana wateja wako. Mkaguzi anayefanya kazi yake atauliza ulizipata wapi, na "tulikadiria tu" si jibu.

Namba zikikaa pamoja

Chukua kwamba kabla ya vitu hivi vitatu faida ni Sh milioni 100, na mtaji wa kuanzia mwaka ni milioni 300. Kodi ya mapato nimeiacha nje. Namba zote ni milioni za shilingi.

| | IFRS kamili | IFRS ya SME |
|---|---|---|
| Faida kabla ya vitu vitatu | 100.0 | 100.0 |
| Ghala | (29.0) | (24.0) |
| Riba ya mkopo | – | (36.0) |
| Wadaiwa wasiotarajiwa kulipa | (8.8) | (6.0) |
| Faida ya mwaka | 62.2 | 34.0 |
| Mtaji mwisho wa mwaka | 362.2 | 334.0 |
| Deni la benki na la ghala | 277.9 | 200.0 |
| Deni kwa mtaji | 77% | 60% |

Angalia vizuri. Upande wa kamili una faida karibu maradufu, na bado unaonekana umelemewa na deni zaidi. Sasa tuseme mkataba wa benki una sharti kwamba deni lisizidi asilimia 70 ya mtaji. Kwa IFRS ya SME kampuni imelitimiza. Kwa IFRS kamili, kampuni ileile, mwaka uleule, imelivunja, na benki ina haki ya kuudai mkopo wote. Fedha benki haijabadilika, mahindi ghalani ni yaleyale.

Kwa hiyo kabla hujachagua, toa mkataba wa mkopo kabatini usome jinsi ulivyolitafsiri neno "deni". Mingine inataja wazi kwamba pango halihesabiwi, mingine inasema tu "kwa mujibu wa viwango vya uhasibu vinavyotumika". Huu wa pili ndio unaobadilika maana pale unapobadili kiwango. Mwambie ofisa mikopo mapema, kwa maandishi, kabla hesabu hazijafika mezani kwake.

Kuhusu kodi, usitarajie makubwa. Mamlaka ya mapato huanza na faida yako ya vitabuni kisha huirekebisha kwa sheria yake: huondoa uchakavu wako na kuweka wake, huamua yenyewe deni lipi baya linakubalika. Kuhamia SME kwa nia ya kupunguza kodi ni kuhangaikia mlango ambao haupo.

Mambo madogo yanayozungumzwa vibaya

Utaambiwa kwamba kwa IFRS ya SME huwezi kupandisha thamani ya kiwanja au jengo unalolitumia. Ilikuwa kweli kwa toleo la 2009. Marekebisho ya mwaka 2015, yaliyoanza kazi 2017, yaliruhusu. Anayekukatalia leo anasoma kitabu cha zamani.

Utaambiwa pia kwamba SME daima ni rahisi. Si daima. Ukiwa na nyumba ya kupangisha, IFRS kamili inakupa hiari: iache kwa gharama au iweke kwa thamani ya soko. IFRS ya SME inataka thamani ya soko, na kuongezeka au kupungua kwake kuingie kwenye faida, ilimradi thamani hiyo inapatikana bila gharama au juhudi kupita kiasi.

Ukinunua biashara ya mtu na kulipa zaidi ya mali zilizomo, ile ziada ya jina na wateja, SME inakutaka uipunguze kidogo kidogo kwa miaka. Kama huwezi kujua miaka mingapi, isizidi kumi. Kamili hairuhusu kuipunguza hivyo, ila kila mwaka lazima uipime kama bado ina thamani hiyo, na upimaji huo ndio unaoleta bili ya mtaalamu.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kuchanganya. Nimewahi kupewa hesabu ambazo ukurasa wa sera unasema "IFRS ya SME", na aya mbili chini unasoma habari za haki ya matumizi na hasara zinazotarajiwa, maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye hesabu za kampuni nyingine. Ukienda kwenye mizania, ghala halipo. Huruhusiwi kuchukua kipengele unachokipenda huku na kingine kule. Njia ya haraka ya kukagua ni kusoma sera ya pango na sera ya wadaiwa kwanza. Kama hazifanani na mizania, aliyeandika hakuchagua kiwango, alichagua faili la mwaka jana la mtu mwingine.

Wewe uchague ipi

Kama ni kampuni ya familia, mkopo ni wa benki ya ndani, na huna mpango wa kuingia sokoni, mimi ningechukua IFRS ya SME. Maelezo ya hesabu ni machache sana, na kama mtaji wako umebadilika tu kwa faida na gawio, unaruhusiwa kuunganisha taarifa ya mapato na ya faida iliyolimbikizwa ziwe moja.

Ningebaki na kamili katika hali mbili. Ya kwanza ni kampuni inayojiandaa kuuza hisa au hati fungani kwa umma. Mchakato ukishaanza umeshatoka kwenye kundi la wanaoruhusiwa, na kuhama haraka wakati mawakili wanangoja ni ghali. Ya pili ni kampuni tanzu ya kundi linalotumia kamili. Inaruhusiwa kutumia SME katika hesabu zake yenyewe, lakini makao makuu yatataka namba za kamili ili kuunganisha, na utafunga vitabu mara mbili. Kwa kampuni tanzu kama hiyo kuna njia ya tatu, IFRS 19 iliyotolewa Mei 2024: unapima kila kitu kama kamili, ila maelezo yanapunguzwa. Inaanza rasmi 2027 na unaweza kuitumia mapema.

Kampuni ya unga ikiamua kuhamia SME kwa hesabu za mwaka unaoishia 31 Desemba 2027, siku ya kuhama si Januari 2027. Ni tarehe 1 Januari 2026, kwa sababu namba za mwaka wa kulinganisha lazima ziandikwe upya kwa kiwango kipya. Siku hiyo unaondoa haki ya matumizi ya ghala na deni lake, unatoa riba iliyokuwa imeingizwa kwenye mali, na tofauti yote inaingia kwenye faida iliyolimbikizwa. Kisha unatoa jedwali la kuonyesha mtaji ulikuwa kiasi gani zamani na sasa ni kiasi gani, na kwa nini.

Na mwaka huo huo ndio toleo la tatu la IFRS ya SME, lililotoka Februari 2025, linaanza kazi. Limebadilisha sana jinsi ya kutambua mapato, sasa kwa hatua tano zinazofanana na zile za kamili. Pango halikuguswa: ghala la Morogoro litabaki nje ya mizania.